Mtoto Amelala, Mshipa Unajibu: Mazungumzo juu ya Kipimo cha ABR

Leo tunajibu swali ambalo wazazi hutuuliza kila mara wanapofika kliniki: mtoto wa miezi miwili au mitatu, ambaye hasemi wala haonyeshi kidole, mtajuaje kama anasikia?

Swali ni la haki. Mtu mzima akija kupimwa usikivu, kazi ni nyepesi. Tunamkalisha kwenye chumba kisicho na kelele, tunamvalisha hedifoni, tunamwambia: mzee wangu, ukisikia mlio, hata ukiwa mdogo kiasi gani, bonyeza kitufe hiki. Mtoto wa miaka mitatu au minne naye tunamfanyia mchezo: ukisikia mlio, tia kibao kwenye ndoo. Hata wa miezi saba tunaweza kumfundisha ageuke sauti inapotoka, na kila akigeuka sawasawa anaonyeshwa mdoli unaowaka taa.

Lakini chini ya miezi sita? Wa miezi michache, shingo yenyewe haijakaza. Ukimpigia mlio, hana namna ya kukujibu. Na wapo watoto wakubwa zaidi walio katika hali hiyohiyo, kwa mfano mwenye mtindio wa ubongo ambaye mwili wake haumtii. Anaweza kuwa anasikia vizuri kabisa, ila hawezi kugeuka wala kubonyeza.

Sasa najua kuna anayesema huko: mbona sisi tulimpigia makofi nyuma ya kichwa akashtuka? Au: mlango ulibamizwa, akaruka. Basi si anasikia?

Tulitazame hilo kwanza, maana limewachelewesha watoto wengi. Ukipiga makofi karibu na mtoto, upepo unamfikia shingoni na kivuli cha mkono anakiona. Mlango ukibamizwa, kitanda kinatetema. Na hata kama ameusikia kwa masikio yake, mlango ni kelele kubwa mno. Mtoto aliyepoteza kiasi fulani cha usikivu atashtushwa na mlango vilevile, halafu maneno ya mama yake ayapate nusunusu. Upande wa pili, mtoto mwenye masikio mazima akishashiba na kulala fofofo, utapiga makofi mpaka viganja viume, naye wala hana habari. Kwa hiyo jaribio la nyumbani linaweza kukudanganya pande zote mbili.

Tunachohitaji ni jibu ambalo halimtegemei mtoto kufanya chochote. Na jibu hilo lipo. Linatoka kwenye mshipa wake wa fahamu.

Nifuateni taratibu hapa. Sauti inapoingia sikioni inatikisa ngoma ya sikio, ngoma inatikisa vifupa vitatu vidogo, na vifupa vinapeleka mtikisiko kwenye koklea, kile kiungo cha ndani kilichojikunja kama konokono. Ndani ya koklea kuna seli zenye vinyweleo. Vinyweleo vikitikiswa, seli zinauamsha mshipa wa usikivu, na kuanzia hapo sauti inasafiri kwa njia ya umeme mdogo sana. Umeme huo unapanda hadi shina la ubongo, ile sehemu ya chini ya ubongo inayoungana na uti wa mgongo, ukipita kituo baada ya kituo.

Kila kituo kinapoamka, kinatoa wimbi dogo la umeme, na wimbi hilo linaweza kunaswa juu ya ngozi ya kichwa. Mwaka 1971, watafiti wawili wa Marekani, Don Jewett na John Williston, walieleza mawimbi haya kwa watu na kuyapa namba za Kirumi, namba tunazozitumia mpaka leo. Mwaka 1974 Kurt Hecox na Robert Galambos wakaonyesha kwamba yanaweza kupimwa kwa watoto wachanga. Kipimo chenyewe ni kipimo cha mwitikio wa shina la ubongo, na hospitalini tunakiita kwa kifupi ABR.

Katika mawimbi yote hayo, nakuomba ukumbuke moja tu: wimbi la tano. Hilo linatoka juu kwenye shina la ubongo, na ndilo linalodumu kuliko wenzake. Ukipunguza sauti kidogokidogo, mawimbi mengine yanapotea mapema, la tano linabaki hadi karibu na sauti ndogo kabisa ambayo sikio linaipata. Kwa hiyo kazi yote ya mpimaji ni hii: kutafuta sauti ndogo kabisa ambayo bado inatoa wimbi la tano. Nairudia: sauti ndogo kabisa ambayo bado inatoa wimbi la tano.

Haya, kipimo kinafanywaje?

Kwanza, mtoto lazima alale. Nasikia mtu anauliza: akilala si hatasikia? La hasha. Usingizi unazima mambo ya juu, ya kutambua na kujibu, lakini njia ya kutoka sikioni hadi shina la ubongo inaendelea na kazi. Mawimbi haya hayabadiliki mtoto akiwa amelala, hata akiwa amelazwa kwa dawa. Kinachobadilika ni utulivu wa mwili. Mtoto aliye macho ananyonya, anakunja uso, anakaza shingo, na kila msuli unaojikaza unatoa umeme wake, mkubwa kuliko ule tunaoutafuta.

Ndiyo maana tunapenda kuwapima mapema, kabla ya miezi mitatu au minne, umri ambao mtoto akinyonya anajilalia mwenyewe. Akifika miezi minane anajua kukataa usingizi, na hapo mara nyingi inabidi apewe dawa ya usingizi chini ya uangalizi wa daktari. Kwa mama anayekuja na mchanga, maagizo yetu ni mafupi: mwamshe mapema asubuhi, usimwache asinzie kwenye daladala, na usimnyonyeshe akashiba njiani. Njoo naye akiwa na njaa na usingizi. Tukishamfunga waya, ndipo unamnyonyesha hapohapo kwenye kiti, mpaka alale.

Na jambo jingine, mama: siku hiyo usimpake mafuta usoni wala kichwani. Sisi wa huku mtoto hatoki nyumbani bila kung'aa, iwe mafuta ya nazi, iwe ya mgando. Lakini mafuta na stika za waya haviendi pamoja. Stika zikikaa juu ya mafuta, umeme mdogo wa mtoto haupiti vizuri, na zenyewe zinabanduka katikati ya kazi.

Tukishampokea, tunasugua sehemu nne ndogo za ngozi kwa jeli yenye chembechembe: juu ya paji la uso karibu na nywele zinapoanzia, nyuma ya kila sikio kwenye mfupa, na sehemu moja pembeni, shavuni au chini kidogo kwenye paji. Anaweza kulialia kidogo hapo, kama anavyolia akipanguswa uso. Kisha tunabandika stika zenye waya. Mashine inatuambia kama kila stika imeshika ngozi sawasawa. Ikisema hapana, tunabandua na kusugua upya. Kukazana kupima na stika mbovu ni kuupoteza usingizi wa mtoto bure.

Je, mtoto anapigwa umeme? Baba mmoja aliwahi kunishika mkono akaniuliza hivyo, na naelewa kwa nini, maana ukimwona mwanao na waya kichwani moyo unaruka. Jibu ni hapana. Waya zile zinapokea tu. Kinachoingia kwa mtoto ni sauti peke yake, kupitia kidude laini cha sponji kinachowekwa tunduni mwa sikio, chenye mrija mwembamba.

Sasa sauti zinaanza. Zipo za aina mbili. Ya kwanza ni mgonjo mfupi sana, tak-tak-tak, wenye toni nyingi kwa pamoja. Ya pili ni toni fupi iliyochaguliwa: nzito, ya kati au kali. Mgonjo unafaa kwa uchunguzi wa haraka wodini. Mashine ndogo inatoa migonjo ya desibeli 35 hivi, inajipimia yenyewe, na mwisho inaandika kwenye skrini neno moja, PASS au REFER. Mama ukiona REFER usikate tamaa, maana haijasema mtoto ni kiziwi. Imesema aende akapimwe kwa undani. Na huo undani ndio tunaouzungumzia leo, ambapo mtu anakaa mbele ya kompyuta na kutafuta wimbi la tano, toni kwa toni, sikio kwa sikio.

Hapa pana ugumu wenyewe. Wimbi la tano la mtoto ni sehemu ndogo ya volti moja iliyogawanywa mara milioni. Ubongo wake una umeme mwingine wa kila siku ulio mkubwa kuliko huo makumi ya mara. Juu yake kuna umeme wa misuli, na kuna umeme wa ukutani, wa taa, wa chaja ya simu. Utalipataje wimbi dogo namna hiyo katikati ya vurugu zote hizo?

Fikiria mtu anayegonga chungu taratibu katikati ya soko la Kariakoo saa nne asubuhi. Ukisikiliza mara moja, humsikii. Lakini tuseme umerekodi soko lile mara elfu mbili, kila rekodi ikianza sawasawa na chungu kinapogongwa, kisha ukazipanga zote moja juu ya nyingine. Kelele za soko hazirudii mahali palepale, hapa zinapanda, pale zinashuka, kwa hiyo zinafutana. Lakini chungu kiko mahali palepale kila mara, basi kinajijenga na kujitokeza.

Hivyo ndivyo kompyuta inavyofanya. Inapiga sauti karibu 40 kwa sekunde, na baada ya kila sauti inasoma umeme wa kichwani kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko kupepesa jicho. Inajumlisha, inagawanya, inajumlisha tena. Sauti elfu mbili zinachukua chini kidogo ya dakika moja. Halafu tunarudia upya kabisa. Kwa nini turudie? Kwa sababu vurugu inaweza kwa bahati kujikunja ikafanana na wimbi. Lakini bahati hairudii mahali palepale mara mbili. Mstari wa kwanza na wa pili ikilala pamoja, na kilima kikiwa palepale, hapo tunasema: wimbi lipo.

Na mtoto akichezacheza? Hesabu yake ni chungu. Ili kuipunguza vurugu iwe nusu, unahitaji sauti mara nne. Yaani kazi ya dakika moja kwa mtoto aliyelala vizuri inakuwa ya dakika nne kwa mtoto anayehangaika, na bado mistari inaweza isieleweke. Ndiyo maana nasema tena: usingizi wa mtoto ni nusu ya kipimo.

Sasa, wasikilizaji, tuchukue mfano mmoja tuufuate tangu mwanzo hadi mwisho. Ni mfano niliouunga ili tuone hatua zote, lakini kila kilichomo ni cha kawaida kliniki.

Mtoto wa kike, njiti, amezaliwa kwa wiki 31. Alikaa kwenye inkubeta, akapata manjano kidogo, akachomwa sindano za jentamisini kwa sababu ya maambukizi. Zote hizo ni sababu za kumwekea jicho, kwani dawa za kundi la jentamisini zinaweza kuumiza zile seli zenye vinyweleo. Wodini alipimwa, mashine ikaandika REFER masikio yote mawili. Sasa ana wiki 14. Bibi yake amekuja naye pia, na ameshatuambia: mwanangu, huyu anasikia, ngoma ya harusi juzi ilimwamsha.

Amenyonya, amelala. Tunaanza na toni ya kati, ya mitetemo 2,000 kwa sekunde, sikio la kulia. Kwa nini hiyo? Kwa sababu ina uzito mkubwa katika kuelewa maneno, na hatujui usingizi utadumu mpaka lini. Akiamka baada ya dakika kumi, angalau tuwe na jibu la maana.

Tunapiga desibeli 30. Mstari wa kwanza umelala, wa pili umelala. Mtoto mwenye usikivu wa kawaida angekuwa ameshatoa wimbi hapo. Tunaruka hadi 60. Kilima hicho, safi, mara mbili palepale. Tunashuka hadi 50. Kilima bado kipo, kimepungua kimo na kimesogea mbele kidogo, kimechelewa. Hilo linatupa imani: wimbi la kweli hupungua na kuchelewa sauti inaposhuka. Kitu kinachobaki na kimo kilekile mahali palepale kwa sauti zote, hicho si mtoto, ni mashine au waya. Tunashuka hadi 40. Hakuna. Lakini ngoja, tusikimbilie kusema hakuna. Tunatazama kama mstari wenyewe umetulia. Mstari uliojaa vurugu hausemi hakuna, unasema sijui. Huu umetulia kabisa. Basi sikio la kulia, toni ya kati, jibu la mwisho ni 50.

Tunahamia sikio la kushoto bila kumaliza toni nyingine, ili tusije tukabaki na sikio moja. La kushoto linaishia 60.

Sasa swali la pili, nalo ni kubwa: tatizo liko wapi? Pengine ni majimaji tu nyuma ya ngoma ya sikio, mambo ya mafua, yanayotibika. Au pengine ni koklea yenyewe. Tunawezaje kujua? Tunachomoa sponji na kushika kidude kingine kinachotetema, tunakikandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mtetemo unapita kwenye fuvu moja kwa moja hadi koklea, ukiiruka ngoma na vifupa. Kama njia ya mfupa ingetoa wimbi kwa sauti ndogo huku njia ya hewa ikihitaji kubwa, tungesema koklea ni nzima, njiani ndiko kuna kizuizi. Kwa binti yetu, mfupa nao unatoa wimbi kwa 50, chini ya hapo hakuna. Hewa na mfupa vinasema neno moja. Basi tatizo liko ndani, kwenye koklea, na halitakwisha pamoja na mafua.

Mtoto ameamka. Hapo tunaacha. Kurudi wiki inayofuata ni bora kuliko kubahatisha, na akirudi tunamaliza toni nzito na toni kali. Toni nzito, ya mitetemo 500, inatoa wimbi kwa 40 masikio yote. Toni kali, ya 4,000, ni 60.

Halafu kuna hatua ambayo wazazi hawaelezwi mara nyingi. Namba za wimbi si namba za usikivu wenyewe. Mtoto anaanza kusikia chini kidogo ya pale wimbi linapoanza kuonekana, kwa hiyo tunapunguza: kwa toni nzito desibeli 15 hivi, kwa toni ya kati desibeli 5, kwa toni kali karibu hakuna. Basi usikivu wa binti yetu unakadiriwa hivi: toni nzito yuko karibu na kawaida; toni ya kati na toni kali amepungukiwa.

Mmeona sasa kisa cha bibi? Bibi hakukosea. Ngoma ya harusi ni toni nzito, na kubwa, mtoto aliisikia kweli. Sauti ya mama akiimba ataipata, irabu za maneno atazipata, a na u na o. Lakini s, sh, f, zile sauti nyembamba, zinampita. Mtoto kama huyu angekua akigeuka kila akiitwa, watu wakasema anasikia, halafu akifika miaka mitatu maneno yake hayaeleweki, aitwe mzito au mtundu. Kipimo kimeliona hilo akiwa na wiki 15, na vifaa vya kusaidia kusikia vinaweza kupangwa kwa kila sikio na kila toni kwa kufuata namba zilezile. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu unataka mtoto awe amechunguzwa akifikisha mwezi mmoja, ajulikane hali yake akifikisha miezi mitatu, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita.

Kabla hatujaagana, kuna jambo moja linalowachanganya hata wahudumu. Hospitali nyingi huwachunguza watoto kwa kipimo kingine, chepesi zaidi: kidude kinaingizwa sikioni, kinatoa sauti, kinasikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye koklea. Ni kizuri na cha haraka. Lakini kinaishia kwenye koklea. Hakiulizi chochote juu ya mshipa.

Sasa mfikirie mtoto aliyepata manjano makali sana siku za mwanzo. Sumu ya manjano inaweza kuumiza mshipa na shina la ubongo huku vinyweleo vya koklea vikibaki salama. Kipimo cha mwangwi kinaandika PASS, mama anafurahi, anakwenda nyumbani. Ukimfanyia ABR, mstari umelala hata kwa sauti kubwa. Ndiyo maana watoto waliolazwa muda mrefu wodi ya wachanga mahututi wanatakiwa kuchunguzwa kwa ABR, mwangwi peke yake hautoshi.

Na mpimaji anajuaje kama mstari uliolala ni wa mshipa au wa koklea iliyokufa? Anapiga migonjo ya namna mbili: inayoanza kwa kusukuma ngoma ya sikio na inayoanza kwa kuivuta. Seli za koklea zilizo hai hutoa vijiwimbi mwanzoni kabisa mwa mstari, na vijiwimbi hivyo hugeuka juu chini mgonjo unapogeuzwa. Kisha anafanya jambo dogo la busara: anaubana mrija kwa vidole. Sauti haimfikii tena mtoto, lakini umeme wa mashine unaendelea. Vijiwimbi vikipotea, vilikuwa vya koklea. Vikibaki, vilikuwa vya mashine, tulikuwa tunajidanganya.

Mtoto wa namna hii ana tatizo la mshipa kutopiga kwa pamoja. Na hapa, wazazi, shikeni sana: kwake mstari uliolala hausemi anasikia kiasi gani. Wengine wanasikia sauti lakini maneno yanakuwa tope. Wengine, hasa njiti na waliopata manjano, hali yao inatengemaa kadiri mfumo wa fahamu unavyokomaa. Kwa hiyo hatukimbilii kuamua. Tunapima tena baada ya miezi michache, na akifika umri wa kugeuza kichwa, tunamuuliza yeye mwenyewe kwa mdoli na taa.

Hilo linatufikisha kwenye mipaka ya kipimo hiki. Kinasema sauti imefika shina la ubongo. Hakisemi mtoto anaelewa. Mstari ukilala kwa sauti kubwa kabisa ya mashine, hakisemi hana usikivu hata chembe, kwani usikivu kidogo unaweza kubaki juu ya uwezo wa mashine. Na jibu zuri la leo si bima ya maisha. Mtoto akiugua homa ya uti wa mgongo mwakani, apimwe upya.

Basi tukusanye. Mama unayempeleka mtoto, mpeleke mapema, akiwa na njaa na usingizi, bila mafuta kichwani. Ukipewa majibu, usiridhike na neno moja la "anasikia" au "hasikii". Muulize mpimaji kwa upole mambo manne. Mmepima masikio yote mawili? Mmepima toni zipi, au mgonjo tu? Mmepima na njia ya mfupa? Na je, mtoto alilala vya kutosha, au kuna sehemu inayotaka kurudiwa? Mpimaji anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa, na atakuonyesha mistari yenyewe kwenye skrini, hiki kilima, hapa hakipo. Akikwambia urudi kumalizia sikio moja au toni moja, rudi. Binti wa mfano wetu asingejulikana ni toni zipi zinampita kama mama yake angeishia siku ya kwanza.